Siku 14 za Kusubiri Kabla ya Kupima Mimba

Yai likishatoka kwenye ovari, mwanamke anayetafuta mtoto hukaa takriban majuma mawili asijue kama mimba imetunga au la. Siku hizo huwa ndefu. Matiti yakiuma asubuhi, anatafuta maana yake. Tumbo likivuta jioni, anatafuta maana yake. Akilala mchana siku ambayo si kawaida yake kulala, nayo anaiweka kwenye hesabu. Wengi hununua kipimo siku ya nane au ya tisa, wakaona mstari mmoja, wakalia, na wengine wao walikuwa tayari na mimba. Kipimo hakikuwadanganya. Kiliulizwa swali kabla jibu halijatengenezwa mwilini.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kulifuata yai lenyewe siku baada ya siku. Likitoka kwenye ovari huingia katika mrija wa uzazi, na maisha yake ni mafupi: kati ya saa 12 na 24. Mbegu za mwanamume huishi muda mrefu zaidi, hata siku 5, zikikuta ule ute laini unaovutika kama ute wa yai la kuku. Ndiyo maana tendo la ndoa la siku mbili tatu kabla ya yai kutoka linaweza kutunga mimba. Yai na mbegu hukutana ndani ya mrija, wala si ndani ya mji wa mimba kama wengi wanavyodhani. Yai lililorutubishwa hugawanyika kuwa seli mbili, kisha nne, kisha nane, huku likisukumwa polepole kuelekea kwenye mji wa mimba, ambako hufika siku ya tatu au ya nne. Hata likifika, halijashika popote. Linaelea, likijilisha kwa maji maji yaliyomo humo, na ukubwa wake hauzidi nukta ya kalamu.

Mpaka hapo mwili wa mama haujapata habari yoyote. Hakuna mshipa wa damu unaounganisha hicho kilichotungwa na mama, na hakuna homoni ya mimba iliyokwisha kumwagika ndani ya damu yake. Mwanamke anayesema siku ya nne baada ya yai kutoka kwamba anahisi mimba anahisi kitu cha kweli, lakini chanzo chake ni kingine, nacho kitaelezwa hapa chini.

Jambo la kwanza linalobadilisha hali ni kujishikiza, yaani kile kilichotungwa kuchimba na kuingia ndani ya utando laini wa mji wa mimba. Hilo hutokea lini? Jibu bora linalojulikana limetoka kwa watafiti Allen Wilcox, Donna Baird na Clarice Weinberg wa Marekani. Katika miaka ya 1980, kule North Carolina, walifuatilia wanawake 221 waliokuwa wanatafuta mimba. Kila asubuhi mwanamke alikusanya mkojo wake kidogo na kuuhifadhi, na baadaye mikojo hiyo ilipimwa maabara kwa vipimo vikali kuliko vya dukani, ili kujua siku yai lilipotoka na siku homoni ya mimba ilipoonekana kwa mara ya kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Katika mimba zilizoendelea kukua, homoni ilianza kuonekana kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kutoka, na katika mimba 84 kwa kila 100 ilianza siku ya 8, ya 9 au ya 10.

Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya muda wa kusubiri hupita kabla mimba haijashikana na mama. Juma la kwanza lote halina kitu cha kupima.

Baada ya kujishikiza, seli za nje, zile zitakazokuja kuwa kondo la nyuma, huanza kutoa homoni ya mimba ambayo kwenye pakiti za vipimo huandikwa hCG. Kazi yake ya kwanza ni kuokoa kitu kilichobaki kwenye ovari. Mahali yai lilipotokea pana kijifuko kilichogeuka kuwa tezi ndogo ya rangi ya manjano, inayotoa homoni ya projesteroni. Tezi hiyo ina umri wake: isipopata ujumbe wa hCG, hunyauka baada ya takriban siku 14, projesteroni inashuka, utando wa mji wa mimba unabomoka, na hedhi inaanza. Ikipata ujumbe huo, huendelea kufanya kazi na hedhi haiji. Kipimo cha mkojo kinatafuta ujumbe huo huo.

Sasa dalili. Projesteroni hupanda kila mwezi baada ya yai kutoka, mimba iwepo isiwepo, na hufika kileleni siku ya saba hivi. Ndiyo inayojaza matiti mpaka sidiria inabana. Ndiyo inayolegeza misuli ya utumbo, hivyo tumbo linajaa gesi na choo kinakuwa kigumu. Huleta usingizi, hubadilisha hisia mpaka mtu anakasirikia jambo dogo, na hupandisha joto la mwili kwa sehemu ya tatu hadi ya tano ya kumi ya nyuzi moja, ndiyo maana mwanamke hujihisi ana joto usiku. Orodha hiyo ikisomwa bila maelezo, mtu yeyote angesema ni dalili za mimba. Nazo ni dalili za mimba kweli, kwa sababu mwanamke mwenye mimba naye ana projesteroni nyingi. Tatizo ni kwamba asiye na mimba anazo vilevile, kwa kipimo kile kile, siku zile zile. Matiti hayana namna ya kutofautisha projesteroni ya mwezi wa kawaida na projesteroni ya mwezi wenye mimba.

Hapo ndipo ulipo ugumu wenyewe, na haupaswi kuchukuliwa kuwa ni mawazo tu ya mwanamke. Maumivu ni ya kweli, uchovu ni wa kweli. Kuambiwa "unajifikirisha" ni kukosewa heshima. Kinachokosekana ni uwezo wa dalili hizo kutenganisha mambo mawili. Tena mwezi mtu anaotafuta mimba huwa makini kuliko miezi mingine, hivyo yale yale yaliyompita mwezi uliopita bila kuyaona, safari hii anayaona yote.

Dalili ambazo ni za mimba hasa, kama kichefuchefu cha asubuhi, hutegemea hCG iliyokwisha kupanda sana, nazo hukawia. Wanawake wale wale wa North Carolina walikuwa wakiandika kila siku jinsi wanavyojisikia, na uchambuzi wa madaftari yao ulichapishwa mwaka 2002. Nusu ya waliopata mimba walikuwa wameanza kuona dalili ilipofika siku ya 36 tangu hedhi ya mwisho ianze. Kwa mwanamke ambaye yai lake hutoka siku ya 14, hiyo ni siku ya 22 baada ya yai kutoka, yaani kama juma zima baada ya hedhi kuchelewa. Nusu nyingine walikuwa bado hawana lolote. Kwa hiyo mwanamke asiyehisi kitu siku ya 12 hana sababu ya kukata tamaa, kama vile anayehisi kila kitu asivyo na sababu ya kusherehekea.

Dalili moja inahitaji kuzungumziwa peke yake kwa sababu inaaminiwa sana: matone ya damu. Imeenea kauli kwamba mimba ikijishikiza hutoa matone machache ya damu, na kwamba mwanamke akiyaona siku ya tisa au ya kumi basi mambo tayari. Watafiti waliangalia hilo kwa wanawake 151 waliojulikana siku hasa mimba zao zilipojishikiza. Ni 14 tu walioona damu yoyote katika majuma 8 ya mwanzo ya mimba, karibu wote damu kidogo, na ilielekea kutokea karibu na siku ambazo hedhi ingetarajiwa. Siku yenyewe ya kujishikiza damu ilikuwa nadra. Matone kabla ya hedhi yanaweza kutoka kwa sababu projesteroni imeanza kushuka, au mlango wa kizazi umeguswa wakati wa tendo la ndoa, au kuna maambukizi. Hayathibitishi mimba, wala hayaikanushi. Wanane kati ya kumi na zaidi ya wale walioona damu walijifungua salama, hivyo damu kidogo baada ya kipimo kuonyesha mimba nayo si hukumu.

Katika nchi zetu kuna utata mwingine ambao vitabu vya Ulaya haviutaji. Uchovu, kichefuchefu, kichwa kuuma na mwili kuwa na joto ni dalili za malaria pia. Kukojoa mara kwa mara, ambako wengi hukuhesabu kuwa dalili ya mimba, mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, yale watu wanayoyaita yutiai. Mwanamke aliye katika siku za kusubiri akipata homa asikae nyumbani akidhani ni mimba changa. Aende akapimwe malaria, na amwambie mhudumu kwamba huenda ana mimba. Maneno hayo machache hubadilisha uchaguzi wa dawa. Kwa mfano, vidonge vya SP vinavyogawiwa kliniki kwa wajawazito kuzuia malaria havitolewi katika miezi mitatu ya mwanzo.

Kama hisia za mwili haziwezi kujibu, kinachobaki ni hesabu ya siku na kipimo, na hesabu ndiyo inayoharibu zaidi. Watu wengi wanajua kwamba yai hutoka siku ya 14. Kauli hiyo ni sahihi kwa mzunguko wa siku 28 tu, na hata huko si kila mwezi. Daktari Kyusaku Ogino wa Japani, katika miaka ya 1920, ndiye aliyeonyesha kwamba hesabu inapaswa kurudi nyuma kutoka hedhi inayofuata: yai hutoka kati ya siku 12 na 16 kabla ya hedhi hiyo. Sehemu ya mzunguko inayotangulia yai ndiyo inayorefuka na kufupika sana, kwa safari, ugonjwa, msongo wa mawazo au bila sababu inayoonekana. Sehemu inayofuata yai hubadilika kidogo zaidi. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu na siku ya 21, na mwenye siku 25 karibu na siku ya 11. Programu za simu zinazotaja "siku za hatari" mara nyingi hufanya makadirio kwa kuangalia miezi iliyopita. Hazijui kilichotokea mwezi huu.

Mfano mmoja utaonyesha jinsi siku nne tu zinavyoweza kuvuruga mambo. Mwanamke ana mzunguko wa siku 32. Hedhi yake ilianza tarehe 1 Machi. Yai lilitoka tarehe 18 Machi, na hedhi yake inayofuata ilipaswa kuja tarehe 2 Aprili. Yeye hakuhesabu hivyo. Alisikia kwamba yai hutoka siku ya 14, akaona ni tarehe 14 Machi, akapanga hedhi ije tarehe 29 Machi. Tarehe 22 matiti yalianza kuuma, tarehe 25 alikuwa na usingizi mzito mchana, na yote mawili yalikuwa kazi ya projesteroni. Mimba yake ilijishikiza tarehe 28 Machi, siku ya 10 baada ya yai kutoka, jambo la kawaida kabisa. Kesho yake, tarehe 29, hedhi haikuonekana. Akapima. Mstari mmoja.

Vipimo vingi vya madukani huandikwa kwenye pakiti kwamba vinatambua kuanzia 25 mIU/mL. Tarehe 29 Machi homoni katika mkojo wake ilikuwa kama uniti moja au mbili. Katika siku za mwanzo kabisa hCG hupanda haraka, hata maradufu kwa siku moja, kisha mwendo hupungua na kuwa maradufu kwa kila siku mbili hivi. Kwa makadirio, tarehe 31 Machi ilikuwa bado chini ya 10. Tarehe 1 Aprili ilikaribia 15. Tarehe 2 Aprili, siku halisi ya hedhi, ilifika karibu 25, na kama angepima asubuhi hiyo angeona mstari wa pili hafifu wa waridi, ule unaomfanya mtu asogee dirishani kutafuta mwanga na kumwita mwenzake aje aangalie. Tarehe 4 Aprili ilikuwa karibu 70, na mstari ungeonekana bila kubishaniwa. Mwanamke huyu hakupima tena tarehe 4. Aliona "hedhi imechelewa bila mimba", akaenda kununua dawa ya kuleta hedhi. Hatari ya kupima mapema ni hiyo: jibu la "hapana" linalokuja kabla ya wakati wake huaminiwa kama jibu la mwisho.

Basi siku bora ya kupima ni ipi? Wilcox na wenzake walilijibu swali hilo mwaka 2001 kwa takwimu zile zile. Siku ya kwanza ya hedhi kuchelewa, mimba 10 kwa kila 100 zilikuwa bado hazijajishikiza, na hakuna kipimo duniani, hata kiwe cha bei gani, kinachoweza kuona mimba isiyojishikiza. Kwa hiyo kipimo kamili kabisa siku hiyo kingepata 90 kwa 100. Juma moja baadaye kingepata 97. Ukiyaweka hayo pamoja na udhaifu wa vipimo vya kawaida, hukumu ni hii: siku ya mapema inayostahili kupima ni ile ambayo hedhi ingeanza, yaani siku ya 14 au 15 baada ya yai kutoka, siku iliyo bora ni ya tatu hadi ya saba baada ya hedhi kuchelewa, na anayepata mstari mmoja siku ile ya kwanza arudie baada ya siku tatu na tena juma likitimia, hedhi isipokuja.

Asiyejua yai lake lilitoka lini, kwa mfano mwenye mzunguko unaorukaruka, anayenyonyesha, au aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango karibuni, asitumie hedhi kuwa kipimo cha muda. Ahesabu siku 21 tangu alipokutana na mwenzake kwa mara ya mwisho bila kinga, ndipo apime. Muda huo unatosha hata kama yai lilikawia siku kadhaa baada ya tendo.

Namna ya kupima nayo ina uzito wake, hasa siku za mwanzo homoni ikiwa kidogo. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio uliokolea, kwa kuwa umekaa kwenye kibofu usiku kucha. Kunywa maji mengi ili mkojo utoke huichuja homoni na mstari unapotea. Ukanda wa kipimo huchovywa mpaka kwenye alama ya MAX na si zaidi, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti, kisha hulazwa mahali pakavu. Mstari wa C ni wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi. Usipotokea, kipimo kimeharibika, hata kama mstari wa T umeonekana. Mstari wa T ukitokea ndani ya muda uliowekwa, kwa kawaida dakika 3 hadi 5, hata ukiwa hafifu mradi una rangi, homoni ipo. Mstari wa kijivu unaoibuka baada ya dakika 10 au zaidi ni alama ya mkojo uliokauka, nao umewafurahisha watu bure: mtu anakiokota kipimo kwenye kapu la taka jioni, anakuta mistari miwili. Tarehe ya kuisha muda wa matumizi itazamwe kabla pakiti haijachanwa.

Chumvi, sukari, dawa ya meno na siki havipimi mimba. Mkojo ukimwagiwa chumvi hutengeneza mawingu au povu kutokana na chumvi chumvi na protini zilizomo, wa mwanamke na hata wa mwanamume. Kinachofanya ukanda wa dukani ufanye kazi ni kingamwili zilizopakwa juu yake, zinazoikamata hCG pekee. Kabla ya kingamwili hizo kupatikana, wanasayansi walilazimika kutumia mnyama mzima. Katika miaka ya 1930 Lancelot Hogben na wenzake walitumia chura wa Afrika Kusini aitwaye Xenopus: alidungwa sindano ya mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai baada ya saa kadhaa, mimba ipo. Vyura hao walisafirishwa kutoka Afrika kwenda hospitali za ng'ambo kwa miaka mingi. Alichokuwa anakitambua chura yule ni hCG, ile ile inayotambuliwa na ukanda leo.

Kuna sababu nyingine ya kutopima siku ya tisa au ya kumi, na hii inawagusa zaidi waliokwisha kuumia. Katika utafiti wa kwanza wa kundi lile, uliochapishwa mwaka 1988, mimba 22 kwa kila 100 zilizoonekana kwa vipimo vya maabara ziliisha kabla mwanamke hajajua kwamba anayo. Hedhi ilikuja kwa wakati wake au ikachelewa siku chache, basi. Mara nyingi mimba hizo huwa na kasoro katika kromosomu tangu mwanzo, na hakuna dawa, mapumziko wala chakula ambacho kingeziokoa. Mimba zilizochelewa kujishikiza ndizo zilizopotea zaidi: zilizojishikiza kufikia siku ya 9 zilipotea 13 kwa 100, na zilizojishikiza baada ya siku ya 11 zilipotea 82 kwa 100. Vipimo vikali vya siku hizi humwonyesha mwanamke mistari miwili ya mimba ambayo siku tatu baadaye haitakuwepo. Si kosa lake, na si kwamba alibeba ndoo ya maji. Wapo wanaochagua kujua hata hivyo, na ni haki yao. Lakini ni vizuri kujua hilo kabla ya kuchana pakiti.

Wanaotibiwa ugumba wana hesabu tofauti kidogo. Sindano ya kupevusha yai ambayo ndani yake ni hCG huendelea kuonekana kwenye mkojo kwa siku 10 hadi 14, hivyo kipimo cha mapema huonyesha mistari miwili inayotokana na sindano yenyewe. Vidonge vya projesteroni wanavyopewa huleta matiti kuuma na usingizi, na vinaweza kuzuia hedhi hata kama mimba haipo. Kwao siku ya kupima ni ile iliyopangwa na kliniki, kwa kipimo cha damu.

Katika siku hizo za kusubiri kuna mambo machache ya maana ya kufanya. Mwanamke aishi kama mwenye mimba kwa yale yenye madhara: aache pombe na sigara, asinunue dawa kiholela, na ameze kidonge cha asidi ya foliki cha mikrogramu 400 kila siku, ambacho kwa kweli kingeanza kabla hata ya mwezi huo. Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto huanza kufunga umbo lake na kumaliza ndani ya majuma manne ya kwanza tangu kutungwa, wakati ambao wengi ndio kwanza wanajiuliza kama wapime. Kazi za kawaida, kutembea na tendo la ndoa haviing'oi mimba iliyojishikiza vizuri.

Kipimo kikionyesha mistari miwili, kisha yakaja maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, kuzimia, au maumivu kwenye ncha ya bega, hilo halisubiri kesho. Huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba, na mrija ukipasuka damu humwagika tumboni ndani. Aende hospitali saa ile ile, hata kama damu inayotoka nje ni kidogo. Hedhi isipokuja juma zima na kipimo kikirudiwa kinaonyesha mstari mmoja, aende pia kituo cha afya, maana chanzo kinaweza kuwa kingine.

Na yule ambaye mistari yake miwili imekaa, swali la kwanza atakaloulizwa na muuguzi kliniki si siku yai lilipotoka, wala siku alipohisi kichefuchefu, bali tarehe ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Umri wa mimba huanzia hapo, kwa hiyo siku hedhi inapochelewa mimba huhesabiwa tayari ina majuma manne. Andika tarehe hiyo mwezi huu, na uandike kila mwezi.